Chati tatu za yuro na dola: kukubaliana kwake kunatupa nini, na kunatunyima nini

Wafanyabiashara wengi wa sarafu hufundishwa kanuni moja mapema: usiingie sokoni kwa kuitazama chati ya saa peke yake. Kwanza soma chati ya wiki upate mwelekeo mkuu, kisha chati ya siku uone bei imesimama wapi ndani ya mwelekeo huo, na mwisho ndipo ushuke kwenye chati ya saa kutafuta mahali pa kuingilia. Wanaoitetea kanuni hii husema inamwepusha mtu kununua katika soko linaloporomoka. Wanaoipinga husema inamchelewesha, tena inampa uhakika usiokuwapo. Kila upande una hoja, na sioni njia bora ya kuzipima kuliko kuichukua jozi moja katika mwaka mmoja, yaani yuro dhidi ya dola mwaka 2022, ambapo kanuni hii ilifaulu mwezi Agosti na kukwama Novemba katika mazingira yaliyofanana sana.

Tuanze na Agosti. Chati ya wiki haikuwa na ubishi. Yuro iliyofika juu kidogo ya 1.23 mwanzoni mwa 2021 ilikuwa ikishuka, kila kilele kikiwa chini ya kilichotangulia, hadi Julai 14, 2022 ilipogusa takriban 0.9950. Sababu nayo ilijulikana: Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imeanza kupandisha riba Machi, ilhali Benki Kuu ya Ulaya ilipandisha kwa mara ya kwanza Julai 21. Chati ya siku, hata hivyo, ilisimulia jambo jingine. Kutoka bonde lile la Julai bei ilipanda na kukaa wiki kadhaa ikigonga eneo la 1.0280 bila kulipita. Kisha Agosti 10, saa tisa na nusu alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, Marekani ilitangaza kuwa mfumuko wa bei wa Julai ulikuwa asilimia 8.5, kutoka asilimia 9.1 ya Juni na chini ya matarajio ya soko. Siku hiyohiyo yuro iliruka hadi karibu 1.0370.

Kwa aliyekuwa na chati ya saa peke yake, hilo lilikuwa tukio safi kabisa: kiwango kilichozuia bei kwa wiki tatu kimevunjwa, mishumaa, yaani alama za mwendo wa bei katika kila saa, ni mirefu, na habari inaunga mkono. Kununua kulionekana kuwa jambo la akili. Kwa aliyeanzia chati ya wiki, mruko uleule ulikuwa ni marekebisho ndani ya soko linaloshuka, na swali lake lilikuwa moja tu: je, bei itaweza kukaa juu ya 1.0280? Haikuweza. Ijumaa, Agosti 12, ilirudi chini ya kiwango hicho na kuvunja bonde la siku iliyotangulia. Hapo ndipo chati ya saa ilipokubaliana na ya wiki. Aliyeuza karibu na 1.0270 na kuweka kikomo cha hasara juu ya kilele, kwenye 1.0370, alikuwa amehatarisha pipsi 100, kila pipsi ikiwa 0.0001 ya bei. Agosti 22 bei ilikuwa chini ya 1.0000, na siku iliyofuata ilifika karibu na 0.9900.

Faida halisi ya utaratibu huu huonekana pale tunapobadilisha pipsi kuwa fedha. Chukua akaunti ya dola 1,000 ambayo mwenyewe ameamua asipoteze zaidi ya asilimia 1, yaani dola 10, katika biashara moja. Kwa loti 0.01 ya yuro na dola, kila pipsi moja ni senti 10, kwa hiyo kikomo cha pipsi 100 ni dola 10 kamili, na kushuka hadi 1.0000 kulimpa dola 27. Sasa mtu huyohuyo angeuza bei ileile lakini akaweka kikomo chake juu ya kilele kilichotangulia kwenye chati ya wiki, kile cha mwisho wa Juni karibu na 1.0610. Hapo angehatarisha takriban pipsi 340, yaani dola 34, na kwa kuwa mabroka wengi hawashuki chini ya loti 0.01, asingekuwa na namna ya kupunguza hatari hiyo ila kuongeza mtaji. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa watetezi, ingawa wao wenyewe huitaja mara chache: chati ya saa haithibitishi mwelekeo wa wiki, bali hupunguza gharama ya kuufuata.

Ina mpaka wake, lakini. Katika miezi ile yuro ilikuwa ikitembea pipsi 100 hivi kwa siku ya kawaida. Mtu anayefurahia mshumaa mzuri wa saa na kuweka kikomo cha pipsi 20, huku akitarajia kuvuna mwendo wa wiki nzima, ameweka kikomo ndani ya mtikisiko wa kila siku, na ataondolewa sokoni hata akiwa sahihi. Kiini cha tatizo ni umbali kati ya chati zenyewe. Wiki moja ina mishumaa mitano ya siku, lakini siku moja ina mishumaa 24 ya saa. Hatua ya kwanza ya kushuka ni fupi na ya pili ni ndefu mno, ndiyo maana wengi huweka chati ya saa nne katikati. Asiyetaka kuongeza chati ya nne walau asikipime kikomo chake kwa mshumaa mmoja wa saa, bali kwa kilele au bonde linaloonekana pia kwenye chati ya siku, kama ilivyokuwa 1.0370.

Sasa hoja ya wapinzani, ambayo siichukulii kwa wepesi. Wanasema chati tatu si mashahidi watatu. Mshumaa wa wiki umejengwa kwa bei zilezile zilizojenga mishumaa ya siku na ya saa, hivyo soko likishuka kwa miezi minane, lazima chati zote zitaelekea chini wakati fulani, na kukubaliana kwake hakuongezi ushahidi mpya. Zaidi ya hapo, kila chati inaweza kusomwa kuwa inapanda, inashuka au imelala, na mwenye hamu ya kununua hatakosa chati ya kumuunga mkono. Hili la mwisho ni kweli tupu. Kanuni hii huwa na maana tu pale ambapo mtu ameandika mapema ni nini kinachohesabiwa kuwa mwelekeo, kwa mfano bei ya kufunga wiki kuwa chini ya wastani wa wiki 20 unaoshuka, na akakataa kuibadili tafsiri hiyo katikati ya biashara.

Novemba inaonyesha gharama hasa. Yuro ilikuwa imefika bonde lake la mwaka Septemba 28, karibu na 0.9540, ikapanda hadi takriban 1.0090 mwishoni mwa Oktoba, kisha ikarudi chini ya 1.0000. Chati ya wiki ilikuwa ikishuka, chati ya siku ilikuwa imegeuka kutoka kwenye marekebisho, na chati ya saa ilikuwa imevunja bonde. Zote tatu zilikubaliana. Aliyeuza karibu na 0.9950 na kuweka kikomo kwenye 1.0100 alifuata kanuni neno kwa neno, na hadi Novemba 3, bei ilipokuwa karibu na 0.9730, alionekana yuko sahihi. Kisha bei ikapanda, na Novemba 10, saa kumi na nusu jioni, Marekani ikatangaza mfumuko wa bei wa asilimia 7.7, tena chini ya matarajio. Yuro ikapita 1.0100 na kufika 1.02 siku hiyohiyo. Safari hii haikurudi. Ilifunga wiki karibu na 1.0350.

Aliyengoja chati ya wiki igeuke alipata jibu lake kwa kufungwa kwa wiki ile, wakati bei ilikuwa imekwishapanda takriban pipsi 800 kutoka bondeni. Wapinzani huishia hapo. Mimi ningeongeza mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwendo haukuwa umekwisha, kwani mwanzoni mwa Februari 2023 yuro ilipita 1.1000. La pili, na ndilo zito zaidi, ni kwamba baada ya Novemba 10 chati ya saa haikutoa ishara ya kuuza kama ile ya Agosti 12: bei haikurudi chini ya kiwango ilichokivunja. Mtu aliyeshikilia kwamba ni lazima chati ndogo ikubali kabla ya kuingia alipoteza biashara moja na kubaki nje. Aliyeitii chati ya wiki peke yake, akaendelea kuuza kila bei ilipopanda, ndiye aliyeumia. Chati ya saa, kwa hiyo, ina haki ya kukataa lakini haina haki ya kuamua mwelekeo.

Kuna kosa moja la kiufundi linaloharibu hesabu hizi zote, nalo ni kusoma mshumaa ambao haujafungwa. Jioni ya Jumatano, Agosti 10, mshumaa wa wiki ulionekana wa kununua, bei ikiwa karibu na kilele chake. Ijumaa ulifungwa zaidi ya pipsi 100 chini ya hapo. Kwenye programu ya MetaTrader 5 mshumaa unaoendelea hupewa namba 0, na wa mwisho uliokamilika hupewa namba 1. Bei ya kufunga ya wiki iliyokamilika husomwa hivi:

```
double wiki = iClose(_Symbol, PERIOD_W1, 1);
```

Anayejaribu mkakati wake kwa bei za zamani bila kuzingatia jambo hili huweza kuufanya mkakati huo ujue Jumatatu bei ya Ijumaa, na matokeo yake yatapendeza kwa sababu ya uongo. Dalili yake ni mkakati unaong'aa kwenye majaribio na kuporomoka wiki ya kwanza ya biashara halisi. Chati ya siku nayo ina mtego wake: siku ya soko la sarafu hufungwa saa kumi na moja jioni ya New York, ambayo kwetu ni saa sita usiku au saa saba usiku kutegemea majira ya Marekani. Broka ambaye seva yake haifuati saa hiyo huonyesha mshumaa mfupi wa Jumapili na kuipa wiki mishumaa sita, na watu wawili wanaobishana kuhusu chati ya siku huenda hawatazami chati moja.

Linabaki soko ambalo kanuni hii haina la kulisema. Kwa sehemu kubwa ya 2023 na 2024 yuro ilizunguka kati ya takriban 1.05 na 1.12. Katika eneo kama hilo wastani wa wiki hulala, na chati ya siku hugeuka juu hasa inapokaribia kilele na chini inapokaribia bonde, kwa hiyo anayelazimisha chati zote zikubaliane ataingia karibu kila mara mwendo unapokaribia kwisha. Hapo mwenye kanuni ya chati tatu ana kazi ya kusubiri, na wanaouza kwenye ukingo wa juu na kununua kwenye ukingo wa chini, wasioijali kabisa chati ya wiki, wana haki ya kumcheka.