Tiketi mbili, viwanja viwili: njia ya kutoka Toulouse hadi Luano

Kwetu Lubumbashi, mtu akisema anakwenda uwanja wa ndege, hakuna anayemwuliza ni upi, kwa sababu upo Luano tu. Hata Kinshasa, penye N'djili na Ndolo, ndege kubwa za kutoka nje hutua N'djili, na kila dereva anajua hivyo. Huku Ufaransa jina la mji halikuambii utashukia wapi, na naona wengi wetu tulioondoka Katanga bado tunanunua tiketi kana kwamba kila mji una Luano yake moja.

Mwaka jana dada yangu mkubwa, mume wake na watoto wao watatu, wanaoishi Toulouse, walikuwa wanakwenda nyumbani kwa harusi. Tiketi ya ndege kubwa, iliyopitia Addis Ababa, waliinunua kwanza, na baadaye wakanunua kando tiketi ya Toulouse hadi Paris, ile ya bei nafuu zaidi. Waliandika jina la mji tu, na mtandao ukawaletea viwanja vyote vya Paris pamoja. Ndege ndogo ilitua Orly, kusini mwa mji, ilhali ile kubwa iliondokea Charles de Gaulle, upande wa kaskazini mashariki. Tofauti ilikuwa katika herufi tatu tatu, ORY na CDG, zilizoandikwa kwa maandishi madogo chini ya saa.

Kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili zisizofungamana, mizigo haikupelekwa mbele yenyewe. Ilibidi waisubiri Orly, waivute, na kuikabidhi upya. Nilikuwa nimekwenda kuwasalimia hapo nilipoona kwenye karatasi ya shemeji yangu herufi CDG. Ilikuwa saa 4:20 asubuhi, ndege iliondoka saa 7:30 mchana, na kaunta ya mizigo ingefungwa saa 6:30.

Shemeji alitaka teksi. Nilimkatalia, kwa sababu watu sita wenye masanduku makubwa matano wasingeenea katika gari moja, na barabara ya kuzunguka Paris ikishikwa na foleni hakuna dereva anayeweza kukuahidi saa ya kufika. Tulishuka kwenye metro namba 14, ambayo tangu Juni 2024 inafika Orly, na katika muda wa dakika 25 hivi tulikuwa Châtelet, katikati ya mji. Pale ndipo pa kubadilisha treni, na ndipo panapochosha: njia ni ndefu, lifti ziko mbali, na mtoto wa mwisho alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake.

Treni ya RER B ya kwanza ilipoingia, watoto walikimbilia mlango. Dada yangu alisoma ubao akauliza, "Mbona hii inaandikwa Mitry-Claye?" Alituokoa. Reli hiyo inagawanyika Aulnay-sous-Bois, tawi moja likienda uwanjani na jingine Mitry-Claye, hivyo anayepanda bila kusoma jina la mwisho hujikuta mbali na ndege yake. Tulisubiri iliyofuata. Saa 6:00 tulishuka kituo cha mwisho, na saa 6:15 masanduku yakawa juu ya mzani.

Lazima niseme kweli: usafiri wa huku ndio uliowaponya, na Lubumbashi hatuna treni ya kumvusha mtu mji mzima kwa saa ambayo unaweza kuitegemea. Lakini kosa lenyewe lilizaliwa usiku, kwenye simu, mbele ya skrini inayopokea pesa bila kuuliza swali. Katika ofisi ya tiketi ya kwetu, mama anayekaa mezani husoma njia yote kwa sauti kabla hajahesabu noti zako, akuulize unalala wapi ukichelewa na nani anakupokea. Kazi hiyo tuliiona ya kizamani tulipohama. Mimi sasa naiona kuwa sehemu ya tiketi yenyewe.

Ninayemshauri kati ya ndugu zangu huku huwa namwambia anunue safari yote chini ya namba moja ya uhifadhi, hata ikizidi bei kidogo. Ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu ya shirika kukutafutia nyingine. Kwa tiketi mbili, hasara yote ni yako. Hata hivyo namba moja haitoshi, maana zipo safari za namba moja zinazobadilisha uwanja hapo Paris, na mara nyingi abiria huachiwa avuke mji kwa gharama yake. Kwa hiyo herufi za mahali unapotua lazima zilingane na za mahali unapoondokea. Zisipolingana, na huna njia nyingine, acha angalau saa tano kati ya ndege mbili ukiwa na watoto na mizigo. Familia ya dada yangu ilikuwa na chini ya saa nne, na zaidi ya nusu saa iliishia kwenye mkanda wa masanduku pale Orly.