Mmoja wa walimu, kisha nani?

Nimekasirishwa na herufi chache tu, na sioni haya kusema.

Niliandika tanzia fupi ya mwalimu wangu wa darasa la pili. Sentensi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: “Alikuwa mmoja wa walimu waliotusomea hadithi kila asubuhi.” Mhariri akairudisha akiwa ameweka “aliyetusomea”, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu: “Mmoja ni umoja!” Kwa alama ile ya mshangao, ungedhani amevumbua moto.

Ndugu yangu, najua mmoja ni umoja. Swali ni nani aliyekuwa akisoma hadithi.

Tuifungue sentensi yenyewe. Katika “wa-li-o-tu-somea”, “wa” ya mwanzo na kile kirejeshi “o” vyote vinamrudia nani? Vinawarudia walimu, jina lililo jirani yao kabisa. Kuna kundi la walimu waliosoma hadithi, na marehemu alikuwamo. Sasa weka “a-li-ye-tu-somea”. “A” na “ye” vinaruka juu ya walimu hadi kwa yule mmoja, na hapo hadithi inabaki yake peke yake. Walimu wenzake wamevuliwa kazi yao kwa kalamu.

Tena angalia kinachobaki kwenye “mmoja wa walimu” ukishakiondoa kishazi hicho. Walimu gani? Wa shule yetu? Wa dunia nzima? Kilichokuwa kikitenga kundi kimeondolewa, na sentensi inatuambia tu kwamba mwalimu alikuwa mwalimu. Ahsante sana.

Mimi huipima kwa kuigeuza. “Miongoni mwa walimu waliotusomea hadithi kila asubuhi, yeye alikuwa mmoja.” Inasimama, na maana ni ileile. Jaribu na ya mhariri: “Miongoni mwa walimu aliyetusomea hadithi…” Umeisikia ilivyojikwaa?

Anayebisha bado ajisemee mwenyewe. “Mimi ni mmoja wa watu wanaopenda kimya.” Safi. Lakini ukishika kwamba kitenzi lazima kimfuate “mimi”, unaweza kuishia kwenye “mmoja wa watu ninaowapenda”, na hapo umetangaza kwamba unajipenda. Huenda ni kweli, ila sicho ulichotaka kusema.

Haya, nikubali kidogo, ingawa kwa shingo upande. Katika mazungumzo wengi husema “mmoja wa watu ambaye anapenda”, na tunaelewana bila kugombana. Isitoshe, kuna mahali umoja ndio sahihi. “Nilikutana na mmoja wa walimu wangu, aliyenifundisha hesabu.” Hapa kundi limeshafungwa na “wangu”, na hesabu alifundisha huyo tu. Ukiandika “walionifundisha hesabu”, unamaanisha walikuwa kadhaa. Zote mbili ni Kiswahili. Kinachoamua ni idadi ya waliotenda, na hiyo anaijua mwandishi, si wino mwekundu. Kukiwa na “pekee” mambo ni mepesi zaidi: “ndiye pekee kati ya walimu aliyetusomea.” Ambacho hakina utetezi ni mseto wa “ambao anapenda”, mguu mmoja huku, mwingine kule.

Nilimpigia simu. Nikamweleza yote haya, pamoja na mfano wa kimya. Akanyamaza, akasema, “Nimekuelewa, mzee, narekebisha.” Nikalala kwa amani.

Asubuhi nikafungua nakala ya mwisho. Sentensi yangu imerudi ilivyokuwa. Lakini mwanzoni kabisa, pale nilipoandika “Mmoja wa walimu waliotusomea hadithi ametutoka”, sasa pamesomeka “wametutoka”. Amewazika wote!

Hapo ndipo nilipoona tulikuwa hatujamaliza darasa. Sentensi hiyo ina vitenzi viwili, na kila kimoja kina bwana wake. “Waliotusomea” kiko ndani ya kishazi na kinawafuata walimu. “Ametutoka” ndicho kitenzi kikuu, na kinamfuata “mmoja”. Kifunike kishazi kwa kidole usome kilichobaki: “Mmoja wa walimu… ametutoka.” Kidole kinatosha. Aliyetutoka ni mmoja, waliosoma ni wengi, na sentensi moja inawabeba wote bila kuchoka.

Nikapiga simu tena. Safari hii sikufundisha kitu. Nilimwambia tu kwamba walimu wale walikuwa watatu, wakipokezana kitabu kilekile kilichochanika jalada, na kwamba wawili kati yao watakuwapo mazikoni, wakiwa na tanzia hiyo mkononi.

“Basi niiondoe hiyo ‘w’,” akasema.

“Iondoe hiyo tu. Ile nyingine iache.”