Fagio la chelewa lilivyoniaibisha mbele ya mama mkwe

Jamani wacha niwape hii mapema kabla mke wangu hajaisimulia kwa njia yake, manake yeye akiisimulia huwa anaanzia mwisho, na mwisho ndio ubaya wenyewe.

Sisi twakaa Kisauni. Mimi naendesha tuktuk, mke wangu ni mtu wa Malindi na kabla tuoane alifanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja huko miaka saba, kwa hivyo Kiitaliano anakijua kama mimi ninavyoyajua mashimo ya barabara ya kwetu. Malindi si mwaijua, Waitaliano walianza kuizoea toka miaka ya 1960 walipoweka ule mtambo wao wa kurushia setilaiti baharini kule Ngomeni, ule wa San Marco, mpaka leo mtoto wa Malindi hajaanza shule lakini ciao anaijua. Mama mkwe naye amepikia familia moja ya Kiitaliano miaka 19. Hii ya mama mkwe iwekeni akilini. Mimi sikuiweka.

Sasa, miaka miwili nyuma siku yetu ya ndoa ilipofika nilimuandikia kadi ya Kiitaliano, nikaandika Sei il sole della mia vita, yaani wewe ndiwe jua la maisha yangu. Nilikuwa nimeinakili mahali, sikatai. Akaisoma, akanitabasamia lile tabasamu la mapokezi, lile la kumwambia mgeni chumba chako bado hakijakuwa tayari, akasema, "Ahsante mume wangu. Hii ni ya karatasi ya chokoleti."

Nikauliza chokoleti gani tena. Kumbe kuna chokoleti za Kiitaliano zaitwa Baci, yaani mabusu, zipo toka 1922, na kila moja ukiifungua ndani ina kikaratasi cha maneno ya mapenzi. Wageni walikuwa wakimuachia pale mapokezi basi yeye ameshavisoma vile vikaratasi mpaka basi, jua la maisha yangu, nusu yangu, roho pacha, milele na milele. Na Waitaliano wenyewe, maneno ya mapenzi yaliyochoka wanayaita hivyo hivyo, maneno ya Baci Perugina. Akaniambia jua ni la watu wote, hata yule muuza madafu analo. "Ukitaka kuniandikia, niandikie kitu ambacho wewe tu ndiwe wakijua."

Hilo neno lilikaa. Mwaka huu tukifikisha miaka kumi nikasema wallahi safari hii hasemi chokoleti.

Nikafikiria sana, nikiwa stejini nafikiria, abiria wananiambia shukisha hapa nawapitiliza. Mwisho nikakipata. Mke wangu kila asubuhi, kabla hata jua halijapanda, anafagia uwanja. Tuna mwarobaini pale nje, majani yanamwagika usiku kucha, na yeye anashika lile fagio la chelewa anainama, shwaa, shwaa, shwaa, kila mara tatu halafu ananyamaza kidogo, nafikiri anajinyoosha mgongo, halafu tena shwaa shwaa shwaa. Mimi wakati huo niko macho kitambo. Lakini najifanya nimelala, nasikiliza. Miaka kumi nasikiliza na sijamwambia hata siku moja. Nikaona hapa ndipo penyewe, hiki hakuna chokoleti inayokijua.

Tatizo lugha. Nina rafiki yangu mmoja dereva, anapeleka watu Malindi na huko hukaa na wazee wa Kiitaliano wakicheza karata. Nikamuuliza fagio kwa Kiitaliano ni nini, akajibu bila hata kufikiri, scopa. Ati hata mchezo wao wa karata waitwa hivyo hivyo scopa, wachezea karata 40, ukizoa zote zilizoko mezani kwa mpigo mmoja umefagia, wapiga kelele "scopa!" Nikamuuliza, una hakika? Akaniambia yakhe mimi nimeliwa pesa zangu kwa neno hilo, niwe sina hakika?

Basi nikaenda kwa kamusi, ile ndogo ya mfukoni niliyonunua kwa muuza vitabu vikuukuu, nikatafuta kitenzi chake, nikakuta scopare, kufagia. Safi. Imeandikwa. Nani abishane na kamusi.

Nikakaa kwenye tuktuk nikaandika, natunga mwenyewe neno kwa neno, na nikasema mbona mtu mwenyewe najiweza:

Dieci ani con te. Ogni mattina ti sento scopare nel cortile. Anche i vicini ti sentono. Io faccio finta di dormire. Ti voglio bene.

Nia yangu ilikuwa hii: Miaka kumi nawe. Kila asubuhi nakusikia ukifagia uwanjani. Hata majirani wakusikia. Mimi najifanya nimelala. Nakupenda.

Si nzuri? Semeni ukweli. Fupi, haina jua, haina nyota. Nikainakili kwa kadi na kalamu ya bluu, nikajisikia mtu mzito.

Siku yenyewe ikafika, nyumbani pilau, kachumbari, juisi ya ukwaju, na mama mkwe ameshuka kutoka Malindi na matatu ya asubuhi, shemeji yangu mdogo naye yupo. Nikamuamkia mama shikamoo, nikakaa mbali kama inavyotakikana, manake mimi na mama mkwe twaheshimiana sana, miaka kumi hatujawahi kuzungumza kitu zaidi ya hali, mvua na bei ya unga.

Baada ya kula nikatoa kadi. Mke wangu alikuwa jikoni mikono ina mafuta, akaniambia iweke hapo naja. Kwa kiherehere changu nikampa mama mkwe. Nikasema mama, nimemuandikia mwanao kwa Kiitaliano, wewe si wakijua, hebu tusomee sote tusikie.

Akavaa miwani.

Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, akasimama. Akaurudia kimoyomoyo, naona midomo yatembea. Akaenda wa pili, hapo sauti ikakatika kabisa. Nikaona macho yameenda mstari wa tatu, yakarudi wa pili, yakaenda wa nne, halafu akavua miwani polepole akaiweka juu ya meza, akaangalia dirishani, kule kwa jirani.

"Mwanangu," akasema, na sauti ya upole kweli, ya msibani, "haya mambo yameanza lini?"

Mimi nimefurahi, nadhani ameguswa. Nikajibu toka tuoane mama. Kila asubuhi.

"Na wewe wajua?"

"Najua mama. Nalala tu nasikiliza."

Astaghfirullah ya mama mkwe niliisikia mpaka kwa kifundo cha mguu.

Mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini, akaichukua ile kadi, akasoma, akakaa chini. Kwenye sakafu. Nikadhani analia, mabega yanatetemeka, kumbe ni kicheko hakipati pa kutokea. Akacheka mpaka shemeji akaenda kumletea maji.

Alipopata pumzi ndio nikaelezwa. Kwanza huo mwanzo. Miaka kwa Kiitaliano ni anni, n mbili, na zile n zatamkwa zote, unaishikilia kidogo kama unavyosema nne. Usiposhikilia, ukaandika ani na n moja, hiyo ni ile njia ya haja kubwa. Kwa hivyo mimi nilikuwa nimemuandikia mke wangu, njia kumi za haja kubwa pamoja nawe. Na hilo ndilo lilikuwa jepesi.

Kufagia sasa. Scopa fagio, hakuna neno. Karata scopa, hakuna neno, hata padri anacheza. Lakini scopare, hicho kitenzi, kamusi haikudanganya, kufagia kumo, ila mtaani watu walishakichukua kitambo wakakipeleka chumbani, na kwa lugha chafu. Mwitaliano akitaka kusema kufagia na awe salama atasema spazzare, ama passare la scopa, kupitisha fagio. Mke wangu akanifananishia na bao. Wazee wa Mombasa wanacheza bao kutwa nzima hapana aibu, lakini mgeni akikuandikia kwamba kila alfajiri anamsikia mkewe akipiga bao uwanjani, utamuelewaje?

Sasa rudini msome kadi yangu. Kila asubuhi nakusikia ukifanya ile kitu uwanjani. Hata majirani wakusikia. Mimi najifanya nimelala.

Na bado hapo mwisho, Ti voglio bene, mama mkwe naye akapata nguvu ya kuongezea, ati bosi wake wa kike ndivyo alivyokuwa akimwambia mamake kwa simu. Ni mapenzi kweli, lakini wamwambia mama, mtoto, rafiki, mume na mke pia huambiana sio makosa, ila la watu wa kitanda kimoja ni ti amo. "Kwa hivyo huko juu umetutukana," akasema mama mkwe, "halafu huku chini wamuaga kama shangazi."

Nikaomba ardhi ipasuke. Sakafu ya Kisauni ni saruji, haikupasuka.

Mke wangu akachukua ile kalamu ya bluu akakaa kando yangu. Ani akaiongezea n. Scopare akaikata akaandika spazzare. Majirani akawatoa, akasema barua hii ni ya watu wawili, jirani ataka nini humu. Nikamuuliza kuhusu ti amo, tuiweke? Akafikiria, akasema hapana, hiyo ya kujifanya umelala yatosha, ukiweka ti amo juu yake utakuwa kama mtu aliyetia sukari kwa asali. Akaongeza maneno mawili tu, per ascoltarti, ili nikusikilize. Ikabaki hivi:

Dieci anni, e ogni mattina ti sento spazzare il cortile. Io faccio finta di dormire, per ascoltarti.

Akaisoma mara mbili. Hakusema chokoleti. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo miaka yote hii uko macho, na chai nachemsha mimi?"

Hapo ndipo nilipojua Kiitaliano kimeniponza mara ya pili.

Kesho yake alfajiri niko kitandani nasikia shwaa, shwaa, lakini mapigo siyo yale, mazito, hayana kupumzika. Nikachungulia dirishani. Mama mkwe ameinama na fagio la chelewa, kanga kiunoni. Akaniona.

"Rudi ulale," akasema. "Na usiandike kitu."