Mwaka mmoja kati ya mitano: kovariansi ya hisa mbili kwa kalamu na karatasi

"Mwalimu, chama chetu hapa Umoja kina hisa za benki na hisa za kampuni ya chai. Nimepiga hesabu kwa mkono kwa miaka 5 nikapata korelesheni ya −0.72. Mweka hazina wetu, kwa nambari zilezile, amepata −0.57. Nani yuko sahihi? Na je, tuongeze chai ili tupunguze hatari?"

Wewe ndiye uliyepatia hesabu ya korelesheni, kipimo cha kati ya −1 na +1 kinachoonyesha kama hisa mbili hupanda na kushuka pamoja au hupishana. Kuhusu chai, nakuomba usubiri kidogo, kwa sababu jibu la swali la kwanza halitoshi kujibu la pili. Hizi hapa nambari zako, pamoja na safu tatu ulizoziongeza kwenye daftari lako la mraba:

| Mwaka | Benki (%) | Chai (%) | Benki toa 10 | Chai toa 8 | Zao |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 12 | 6 | 2 | −2 | −4 |
| 2 | −8 | 18 | −18 | 10 | −180 |
| 3 | 20 | 5 | 10 | −3 | −30 |
| 4 | 4 | 4 | −6 | −4 | 24 |
| 5 | 22 | 7 | 12 | −1 | −12 |
| Jumla | 50 | 40 | 0 | 0 | −202 |

Wastani wa benki ni 10, wa chai ni 8. Kila mwaka umetazama hisa imepanda au kushuka kiasi gani kutoka wastani wake, halafu ukazidisha mikengeuko miwili ya mwaka huohuo. Safu za mikengeuko lazima zijumlike kuwa sifuri. Zisipofika sifuri, simama hapo hapo, maana wastani au utoaji umekosewa. Zako zimefika.

Jumla ya mazao ni −202. Ukigawanya kwa 4, yaani idadi ya miaka ukitoa mmoja, unapata kovariansi ya −50.5. Mikengeuko ya benki ikipandishwa mraba na kujumlishwa inatoa 608, ya chai inatoa 130. Gawanya kila moja kwa 4 na utafute kipeuo cha pili, utapata mikengeuko sanifu ya 12.33 na 5.70. Kovariansi ikigawanywa kwa zao la hizo mbili ni −0.72, na hiyo ndiyo korelesheni.

Mweka hazina alifanya kosa ambalo nimelikuta kwenye madaftari mengi. Kovariansi aliigawanya kwa 5 akapata −40.4, lakini mikengeuko sanifu aliiacha kwenye 4. Angetumia 5 kila mahali, angepata −0.72 kama wewe, kwa sababu kigawanyo kinajifuta chenyewe juu na chini. Angechanganya kinyume, 4 kwa kovariansi na 5 kwa mikengeuko, angepata −0.90. Kosa hili huingia hata kwenye kompyuta: katika Excel, `COVAR` hugawanya kwa idadi yote, ilhali `STDEV` hugawanya kwa idadi toa mmoja. Anayetaka kulinganisha atumie `COVARIANCE.S` pamoja na `STDEV.S`, au aite `CORREL` moja kwa moja.

Kwa sampuli ya miaka michache napendelea kugawanya kwa 4, kwa kuwa wastani wenyewe tumeukisia kutoka nambari hizohizo. Lakini mabishano ya 4 na 5 hayagusi korelesheni, na sitaki chama kitumie mkutano mzima hapo wakati lililo zito limekaa kwenye mstari wa pili wa jedwali.

Weka kidole kwenye mwaka wa 2. Zao lake peke yake ni −180. Miaka mingine minne kwa pamoja imechangia −22 tu. Sasa uondoe mwaka huo na uanze upya: wastani wa benki unakuwa 14.5, wa chai 5.5, mazao yanajumlika kuwa 23, mraba za benki 203 na za chai 5. Korelesheni inatoka +0.72. Ukubwa uleule, ishara imegeuka. Kwa miaka minne hisa hizi zilielekea kupanda na kushuka pamoja, na mwaka mmoja ndio uliosema zinapishana.

Hapa ndipo watu wanagawanyika, na pande zote mbili zina hoja.

Wa kwanza watasema: ufute mwaka wa 2, ni wa kipekee, unaharibu picha. Siwafuati moja kwa moja. Chama kinashika hisa za aina mbili kwa ajili ya mwaka kama huo, benki inapopoteza asilimia 8 na kitu kingine kikishika nyumba. Kuufuta ni sawa na mtu kukagua bima yake akiuruka mwezi alioungua duka.

Wa pili watasema: basi −0.72 ndiyo kweli, tuongeze chai. Nao nawasimamisha. Chukua vitu viwili visivyo na uhusiano wowote, vinavyofuata mtawanyiko wa kawaida, ukipima miaka 5 tu. Utapata korelesheni ya 0.72 au zaidi, iwe chanya au hasi, takriban mara 1 kati ya 6. Ni nafasi ileile ya dadu kuangukia sita. Kwa kipimo kinachozoeleka cha asilimia 5, jozi tano zinahitaji kuvuka 0.878 kabla hatujasema kuna uhusiano. Yenu haijafika.

Kwa hiyo nambari peke yake haiwezi kuamua. Kinachobaki ni kuuliza sababu, na kwa chai na benki sababu inaweza kutajika. Chai yetu huuzwa kwa dola kwenye mnada wa Mombasa. Shilingi inapodhoofika, kampuni ya chai hupokea shilingi nyingi kwa kilo ileile, huku mishahara na gharama nyingi za shambani zikibaki za shilingi. Benki nayo, katika kipindi hichohicho, mara nyingi hukutana na riba inayopanda na wakopaji wanaoshindwa kulipa. Kama mwaka wa 2 ulikuwa mwaka wa shilingi kuanguka, kupishana kwao kuna mzizi, na ni haki kutarajia kupishana tena shilingi ikianguka tena.

Lakini mzizi huo hauko kila mwaka. Ukame ukipiga Kericho na Nandi, kampuni ya chai huvuna majani machache, na benki iliyokopesha wakulima huumia pia. Mwaka wa namna hiyo huzisukuma hisa zote mbili upande mmoja. Korelesheni moja ya miaka 5 huchanganya mwaka wa shilingi na mwaka wa ukame kwenye chungu kimoja, kisha hukupa wastani usioelezea hata mmoja wao.

Kuna jambo lingine la kukagua kabla ya kuamini hata hiyo −180. Nambari za faida umezitoa wapi? Kama ni bei za Soko la Hisa la Nairobi, kuanzia siku ya mwisho ya Desemba hadi nyingine, pamoja na gawio, sawa. Kama umezitoa kwenye ripoti za mwaka, angalia tarehe. Benki hufunga mwaka wa fedha tarehe 31 Desemba, lakini kampuni za chai za Williamson na Kapchorua hufunga tarehe 31 Machi. Ukiziweka kwenye mstari mmoja, unazidisha mkengeuko wa benki wa Januari hadi Desemba na wa chai wa Aprili hadi Machi. Hesabu itajumlika vizuri kabisa, safu zitafika sifuri, na jibu halitakuwa na maana. Vilevile, kampuni ikitoa hisa za ziada bure, bei ya hisa moja hushuka bila mwenye hisa kupoteza chochote. Usiporekebisha, utaandika hasara ambayo haikuwepo, na mwaka mmoja wa namna hiyo unatosha kugeuza ishara, kama ulivyoona.

Wengi watakushauri uache miaka 5 utumie miezi 60. Ni ushauri mzuri kwa hisa mbili za benki kubwa zinazouzwa kila siku, kwa sababu jozi 60 zinahitaji kuvuka 0.25 tu badala ya 0.878. Kwa chai nina wasiwasi. Hisa za kampuni za chai zimeshikwa na watu wachache, na zipo ambazo hupita siku nyingi bila hata moja kuuzwa. Bei unayoiona mwisho wa mwezi inaweza kuwa ya wiki kadhaa zilizopita. Benki imeshashuka, chai bado inaonyesha bei ya zamani, na korelesheni ya mwezi inasogea kuelekea sifuri kwa sababu ya ukimya wa soko tu. Faida ya mwaka mzima huupa soko muda wa kusawazisha bei. Kwa hisa zisizochuuzwa sana, ningechukua miezi mitatu mitatu, nipate jozi 20, na bado ningeweka jedwali la mwaka pembeni.

Sasa pesa zenu. Variansi ni mraba wa mkengeuko sanifu: ya benki ni 608 gawanya kwa 4, yaani 152, na ya chai ni 130 gawanya kwa 4, yaani 32.5. Mkigawanya nusu kwa nusu, variansi ya kapu lenye hisa zote mbili ni robo ya 152, kuongeza robo ya 32.5, kuongeza nusu ya kovariansi. Kwa −50.5 inatoka 20.875, na mkengeuko sanifu ni asilimia 4.57. Unaweza kuhakikisha bila fomula: kapu lenyewe lilileta 9, 5, 12.5, 4 na 14.5, na mkengeuko wake ni huohuo. Lakini kovariansi ikiwa sifuri, unapanda hadi 6.79. Ikiwa +50.5, unafika 8.45, zaidi ya kushika chai peke yake. Hatari inakaribia kuongezeka mara mbili, na tofauti yote inatoka kwenye ishara iliyoamuliwa na mwaka mmoja.

Na swali la kuongeza chai linageuka nalo. Kwa kovariansi yako, kapu lenye hatari ndogo kabisa lina benki asilimia 29 na chai 71. Ishara ikigeuka, fomula ileile inasema msishike benki hata kidogo. Kwa korelesheni ya sifuri inasema benki 18, chai 82.

Ningekuwa mwanachama wenu, ningewaomba mpange kwa sifuri. Nusu kwa nusu, mjiandae kwa mkengeuko wa 6.79, si 4.57, kisha muulizane kama mnaweza kuuvumilia mwaka ambao kapu linaleta asilimia 2 badala ya 9. Hisa za chai zikionekana kuwavutia kwa sababu ya dola, semeni hivyo kwenye kumbukumbu za mkutano, na mwandike mwaka wa 2 shilingi ilifanya nini. Mwakani mkiongeza mstari wa 6 kwenye jedwali, tazameni zao lake kwanza, kabla ya kujumlisha chochote.