Ndoo au dirisha? Kikomo cha maombi kwenye mfumo wa tiketi za Kange

Idi ikikaribia, wakata tiketi wa stendi ya Kange, Tanga, hawapumziki. Tuchukue kampuni ya mabasi yenye mawakala kadhaa pale, kila mmoja na simu yake, wote wakitumia seva moja. Kampuni imeamua kwamba wakala mmoja asitume kwenye seva maombi zaidi ya 60 kwa dakika, ili simu yenye hitilafu au kijana aliyeandika programu ya kunyakua viti asiwazime wenzake. Uamuzi huo ni mwepesi. Kazi iko kwenye namna ya kuhesabu: kwa dirisha linalosogea au kwa ndoo ya tokeni.

Dirisha linalosogea huhifadhi namba mbili: maombi ya dakika iliyopita na ya dakika hii. Kila ombi likifika, hukisiwa hivi, `s` ikiwa ni sekunde zilizokwisha kupita katika dakika hii:

```
makisio = sasa + iliyopita * (60 - s) / 60
```

Wakala aliyetuma 50 dakika iliyopita na 20 katika sekunde 15 za dakika hii anahesabiwa 20 + 37.5, yaani 57.5. Anapita. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba yale 50 yalisambaa sawasawa. Kama yote yalikuja katika sekunde kumi za mwisho, ukweli ni kwamba ametuma 70 ndani ya sekunde 60. Yakiwa yalikuja mwanzoni mwa dakika, ukweli ni 20 tu, na bado anabebeshwa 57.5.

Kasoro hiyo naivumilia. Inayonikera ni nyingine: dirisha halina la kusema kuhusu mkupuo. Wakala akimaliza 60 zake katika sekunde kumi za kwanza, anakaa sekunde 50 akipokea `429`, jibu la kukataliwa kwa kuzidisha maombi, huku abiria amesimama mbele yake na pesa mkononi.

Ndoo ya tokeni ina namba mbili za kupanga: ujazo na kasi ya kujaa. Tuseme ujazo ni 20 na tokeni moja huongezeka kila sekunde. Kila ombi hutumia tokeni moja. Ndoo ikiwa tupu, ombi linakataliwa. Wakala akifungua safari ya Dar, simu yake huomba kwa mkupuo ramani ya viti, nauli, vituo na mengineyo, tuseme maombi 12. Yote yanapita, nane zinabaki, na hata akizimaliza, sekunde inayofuata ana nyingine. Hivi ndivyo mkata tiketi anavyofanya kazi: mkupuo, kisha maongezi na abiria, kisha mkupuo tena.

Ndoo nayo ina bei yake. Aliyeanza na ndoo iliyojaa anaweza kupitisha 80 katika dakika moja, 20 za akiba na 60 zilizoongezeka, na atakayesoma kumbukumbu za seva atauliza ile 60 imekwenda wapi. Ukitaka 60 isivukwe kabisa, punguza: ujazo 10, kasi 50 kwa dakika. Pia kusoma tokeni, kuzijazia na kuzipunguza lazima kuwe tendo moja lisilokatika, la sivyo maombi mawili ya pamoja yatatumia tokeni ileile. Kwenye Redis, hifadhi ya data ambayo seva zote huisoma, hilo hufanywa kwa skripti fupi ya Lua. Dirisha ni jepesi zaidi hapo, kwani amri ya `INCR` yenyewe huongeza hesabu bila kugongana.

Kwa mawakala nachagua ndoo. Dirisha ningelibakiza kwa mgawo wa siku nzima, ambako mkupuo hauna maana.

Sasa iwekwe wapi? Wengi hukimbilia mlangoni, kwenye nginx, programu inayopokea maombi kabla hayajafika ndani, wakihesabu kwa anwani ya IP. Pale Kange ni kosa kubwa. Mawakala wanaotumia ruta moja wanaonekana kama mtu mmoja, na kampuni za simu nazo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiona `429` zimewaangukia mawakala wote wa ofisi moja kwa wakati mmoja, ilhali hakuna aliyevuka kiasi chake, chanzo ni hicho. Mlangoni weka kikomo kilegevu, cha kuzuia mafuriko tu. Ndoo ya wakala ikae ndani, baada ya seva kumtambua ni nani.

Seva zikiwa tatu na kila moja ina ndoo zake, wakala anaweza kupata mara tatu ya kikomo. Ndiyo maana ya kuziweka Redis. Lakini Redis ikizima? Kwa kutazama viti ningeruhusu, kila seva ikitumia ndoo ya muda kwenye kumbukumbu yake, kwa theluthi ya ujazo na theluthi ya kasi. Kwa ombi la kukata pesa kwenye simu ya abiria ningekataa, na jibu liwe na `Retry-After`, ili programu ya wakala isubiri badala ya kugonga tena na tena.