Kinyama cha jichoni si cha kukimbilia kukata

Gari la matangazo limepita mtaani kwetu Tandika likiita watu wenye vinyama machoni waje kukatwa siku hiyohiyo, kwa bei nafuu, bila kulazwa. Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula. Kazi yangu ni kupima macho, na nawajua wanaokuja mezani kwangu miezi michache baada ya matangazo ya namna hii.

Karibu kila mtu hapa Dar anayefanya kazi nje ana dalili fulani ya jua kwenye weupe wa jicho: wavuvi wa Feri, madereva wa bodaboda, mama lishe, wanaopanga bidhaa chini Kariakoo. Wengine wana kidoti cha manjano kilichokaa kwenye weupe na hakisogei. Wengine wana kinyama chenyewe, ile pembe nyekundu yenye mishipa inayotoka upande wa pua na kupanda juu ya konea, kile kioo angavu kilichofunika weusi wa jicho. Mara nyingi huanzia upande wa pua, na sababu yake inaeleweka. Mwanga unaotoka upande wa sikio hupita kwenye konea, hupindishwa, kisha hukusanywa kwenye ukingo wa upande wa pili, kama mtoto anavyochoma karatasi kwa kioo cha kukuzia. Ukingo huo ndio makao ya seli zinazoizuia ngozi ya weupe isivamie konea. Zikiunguzwa na miale ya urujuanimno miaka na miaka, zinashindwa kazi.

Ndiyo maana miwani bapa ya jua, hata ikiwa nyeusi kiasi gani, haitoshi. Mwanga wenye madhara unaingia pembeni. Inayofaa ni ile inayozunguka mpaka kwenye panja na iliyoandikwa UV400, yaani inazuia miale hiyo ya urujuanimno, pamoja na kofia yenye ukingo mpana. Na enyi wa bodaboda, shusheni kioo cha helmeti! Vioo vingi vya helmeti ni vya polikaboneti, na plastiki hiyo huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo hata ikiwa angavu kabisa. Juu ya hapo unajikinga na vumbi na upepo, vitu vinavyokifanya kinyama kiwe chekundu kila jioni.

Sasa, kukata. Konea ina upana wa kama milimita 12, kwa hiyo kutoka ukingoni hadi katikati ni kama milimita 6. Kinyama kilichoingia milimita moja, kisichokua, kisichokuumiza na kisichokubadilishia namna unavyoona hakina haja ya kisu. Kipimwe, kiandikwe, kiangaliwe tena baada ya miezi 6. Hata nyumbani unaweza kukifuatilia: simama karibu na dirisha, tazama upande wa sikio, mtu akupige picha kwa simu, uitunze uje kuilinganisha na nyingine.

Kukata kunaanza kuwa na maana kinyama kinapofika kama milimita 3 au kinapoonekana wazi kwamba kinasogea. Hapo kinaivuta konea na kuibadilisha umbo, na mtu anaona maandishi yana kivuli hata kabla kinyama hakijagusa mboni. Usiku mboni inapanuka, na taa za magari zinaanza kutawanyika. Wengine jicho linakuwa zito kugeuka. Hapo usikae ukisubiri. Kikishafika katikati na kukaa, hata kikiondolewa vizuri huacha kovu mahali unapoonea, na kovu hilo halifutwi kwa miwani.

Mmoja wa waliokuja kwangu ni kijana wa bodaboda, miaka 29. Picha zake za zamani kwenye simu zilionyesha kinyama kidogo sana, kimevuka ukingo kwa shida. Alikatwa kwenye huduma ya namna hii hii ya siku moja. Kilichofanyika ni kukinyofoa tu na kuacha pale palipokatwa pakiwa wazi. Akapewa chupa moja ya matone, akarudi barabarani wiki ileile. Mwezi wa nne baada ya kukatwa kilikuwa kimerudi, kinene na chekundu kuliko cha kwanza, kimeingia milimita 3. Nilipompima, konea ya jicho lile ilikuwa imepinda kwa upande mmoja kiasi cha dayopta 2 na nusu, kipimo kilekile cha nguvu ya lenzi za miwani, wakati jicho lingine halina tatizo. Aliniambia, "Dada, taa za mbele naziona kama zimechanuka." Na huyu ni mtu anayebeba abiria usiku.

Hilo ndilo linaloniuma. Kinyama kikikatwa na mahali pake pakaachwa wazi, tafiti mbalimbali zinaonyesha wanaorudiwa huanzia karibu robo ya wagonjwa na huweza kupita nusu. Vijana ndio hurudiwa zaidi, na kinachorudi huwa kikali kuliko kilichoondoka. Njia iliyo bora inajulikana tangu miaka ya 1980: daktari anachukua kipande chembamba cha ngozi ya weupe wa jicho lako mwenyewe, chini ya kope ya juu, anakiweka kama kipandikizi pale alipokata na kukishona kwa uzi mwembamba sana au kukigandisha kwa gundi maalumu. Wanaorudiwa hapo mara nyingi hawafiki 15 kati ya 100. Kazi inachukua nusu saa au zaidi badala ya dakika kumi, nayo inataka mkono uliozoea. Ndiyo maana haiwezi kufanywa kwa foleni ya watu walioitwa na spika.

Kabla ya kulala kwenye kitanda, muulize daktari: "Utaweka kipandikizi?" Uliza pia nani atakuangalia wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza na miezi inayofuata, kwa sababu matone ya steroidi hutumika kwa wiki kadhaa na presha ya jicho lazima ipimwe wakati huo. Miwani mpya isikatwe haraka. Konea huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kutulia.

Kuna jambo nalikubali kwa shingo upande. Wapo wanaotaka kukatwa kwa ajili ya sura tu. Nimekutana na dada aliyekuwa akiulizwa kazini kama amelewa, kila siku, kwa sababu ya wekundu wa jicho moja. Sina haki ya kumwambia hilo si tatizo. Lakini aambiwe wazi kwamba kinaweza kurudi na kumwacha na jicho jekundu zaidi ya la mwanzo.

Na yale matone ya steroidi mnayonunua dukani na kutia miezi mitatu mfululizo kuondoa wekundu, acheni. Hayarudishi kinyama nyuma hata kidogo, na yanaweza kukuletea presha ya jicho na mtoto wa jicho. Machozi bandia yanatosha kutuliza mikwaruzo.

Lipo moja zaidi, na spika haikulitaja. Si kila kinyama ni kinyama. Saratani ya ngozi ya weupe wa jicho ipo Afrika Mashariki, hasa kwa wenye virusi vya Ukimwi, na mwanzoni inaweza kufanana nacho kabisa. Kinachokua ndani ya wiki au miezi michache, kilichoinuka kama jeli au chenye utando mweupe juu, chenye mishipa minene inayokilisha, hicho kiende kwa daktari bingwa wa macho mapema. Na nyama yoyote inayotiliwa shaka ikikatwa, iwekwe kwenye chupa yenye dawa ya kuhifadhia, iandikwe jina lako, ipelekwe maabara. Usiondoke kabla hujajua majibu utayafuata wapi na lini.