VLOOKUP ikikosa, inakupa bei ya jirani

Mteja mmoja alirudi dukani mara tatu ndani ya wiki mbili kuchukua misumari ya bati, na mara ya tatu alichukua kilo 60. Mwenye duka akafurahi. Mimi niliyekuwa natunza faili la bei sikuwa na habari kwamba tunamuuzia kwa 4,000 kilo tunayopaswa kuuza 5,500. Kwa mzigo ule mmoja zikapotea shilingi 90,000. Hakuna aliyeiba, na bei kwenye orodha ilikuwa imeandikwa vizuri tu. Aliyedanganya ni fomula hii ya Excel, inayotafuta namba ya bidhaa kwenye karatasi ya Bei na kuleta bei yake kutoka kolamu ya tatu:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$C$9,3)
```

Kwa anayeitumia kila siku kosa linaonekana: sehemu ya nne haipo. Ukiiacha, Excel haikuulizi. Inachukulia umeandika `TRUE`, maana yake "nikikosa namba hii, nipe ndogo iliyo karibu nayo zaidi". Google Sheets na LibreOffice nazo hufanya hivyo hivyo. Kwa maoni yangu huu ni uamuzi mbaya kabisa wa watengenezaji. Kwenye duka, stoo au orodha ya wanafunzi, nani anahitaji namba ya jirani? Namba ni yake au si yake.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba namba ya misumari ya bati, 1005, ilikuwepo kwenye orodha. Kolamu ya kwanza ilikuwa hivi kutoka juu kwenda chini: 1001, 1004, 1007, 1010, 1013, 1016, 1019, halafu 1005 mwishoni kabisa, kwa sababu bidhaa hiyo iliingia baadaye na kijana wa stoo akaiongeza mstari wa chini kama mtu yeyote angefanya.

Sasa fuata namna fomula inavyotafuta. Ikiwa kwenye `TRUE` haisomi orodha mstari kwa mstari. Inaamini orodha imepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, kwa hiyo inarukia katikati, inakuta 1010. Hiyo ni kubwa kuliko 1005, basi nusu yote ya chini inatupwa, pamoja na 1005 yenyewe iliyokaa mwisho. Inabaki na tatu za juu. Katikati yake kuna 1004, ndogo, inashuka hatua moja na kukuta 1007, kubwa. Basi, inarudi kwa 1004 na kuleta bei yake: misumari ya inchi nne, 4,000. Hakuna rangi nyekundu wala onyo. Namba inatokea kwenye seli imetulia kama iliyo sahihi.

Nilipogundua, nilifanya jaribio ambalo wengi hulifanya: nikaandika namba isiyokuwepo ili nione kama italeta `#N/A`, yaani haipo. Niliandika 5. Ikaleta `#N/A`, nikajiambia fomula ni nzima. Nilijidanganya mwenyewe. Kwenye `TRUE`, namba iliyo ndogo kuliko zote haina jirani wa chini, kwa hiyo lazima ikose. Ukitaka kuijaribu, andika kubwa kama 9999, au ya katikati isiyokuwepo kama 1006. Hapo 9999 ilinipa 5,500, bei ya mstari wa mwisho, na 1006 ikanipa 4,000. Bidhaa hizo mbili hazipo duniani, lakini zina bei.

Dawa ya kwanza kila mtu anaijua: ongeza `FALSE` mwishoni, au sifuri, ni kitu kimoja. Lakini sikubaliani na wanaoishia hapo. Mimi nataka fomula inieleze ilisimama mstari gani, na njia rahisi ni kuiomba irudishe kolamu ya kwanza badala ya bei, kisha niilinganishe na nilichotafuta:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$C$9,1,FALSE)=A2
```

Ukikagua faili la mtu mwingine, acha sehemu ya nne kama yeye alivyoiweka, maana unachokipima ni fomula yake. Kwenye faili langu la zamani, lisilo na sehemu ya nne, ukaguzi huu ulitua 1004 nilipotafuta 1005, jibu likawa `FALSE`, yaani hazilingani. Buruta hadi chini, chuja `FALSE` peke yake, na umeshapata mistari yote iliyochukua bei ya jirani.

Utauliza, kama tayari nimeweka `FALSE` kwenye fomula ya bei, ukaguzi wa nini tena? Kwa sababu ya mbao. Sisi mbao tunazitafuta kwa jina, na mafundi wetu wanaandika vipimo kwa nyota: Mbao 2\*4. Katika VLOOKUP, hata ikiwa kwenye `FALSE`, nyota ndani ya maandishi inamaanisha "chochote kile". Kwa hiyo "Mbao 2\*4" inasomwa kama "inaanza na Mbao 2 na inaishia na 4". Ikikutana kwanza na "Mbao 2\*6\*14", ile ya futi 14, inaridhika na kuleta bei yake. Ukaguzi uleule, ukianzia kolamu ya majina, unaikamata papo hapo, kwa sababu alama ya `=` haijui habari za nyota. Kuirekebisha, weka kiwimbi, `~`, mbele ya nyota:

```
=VLOOKUP(SUBSTITUTE(A2,"*","~*"),Bei!$B$2:$C$9,2,FALSE)
```

Wenye XLOOKUP, ndugu mpya wa VLOOKUP, wamepona magonjwa yote mawili. Yenyewe hutafuta kilekile tu mpaka uiambie vinginevyo, na nyota kwake ni nyota. Ila haimo kwenye Excel 2016 wala 2019, na kompyuta za maduka mengi ninazozijua bado ziko huko.

Ukishabadilisha kwenda `FALSE`, tegemea `#N/A` kadhaa. Mara nyingi ni namba iliyoingia kama maandishi, hasa ikitoka kwenye faili la mtu mwingine: imekaa kushoto mwa seli, pengine na pembetatu ndogo ya kijani. `=ISNUMBER(A2)` itakuambia ukweli. Usitumie `COUNTIF` kuuliza kama namba ipo, kwani yenyewe haitofautishi 1013 ya maandishi na 1013 ya namba. Itakujibu ipo huku VLOOKUP ikikataa, na utazunguka mchana kutwa. Na tafadhali, usifunike `#N/A` kwa `IFERROR` yenye sifuri. Nimeona ankara ya mifuko ya saruji yenye bei ya 0.

Sisemi `TRUE` haina kazi. Kodi ya mshahara, PAYE, ndipo mahali pake. Tanzania, ngazi zinaanza 0, 270,000, 520,000, 760,000 na 1,000,000 kwa mwezi. Mshahara wa 600,000 haupo kwenye jedwali hilo na hautakiwi kuwepo. Tunataka ngazi iliyo chini yake, 520,000. Hapo jirani ndiye jibu, mradi ngazi zimepangwa. Hata hivyo naandika neno `TRUE` kwa mkono wangu, ili atakayerithi faili ajue nilikusudia.

Kolamu ya ukaguzi sijaifuta kwenye faili la bei. Mwenye duka aliniuliza inafanya nini pale, inamaliza karatasi akichapisha. Nimeiweka nje ya eneo la kuchapisha.